Bawabu wa Figo na Chai ya Susi

Mwezi Mei 2019, jarida la Chama cha Madaktari cha Kanada lilieleza kisa cha mzee wa miaka 84 aliyefika hospitali mjini Montreal akiwa na presha ya kutisha. Alikuwa mgonjwa wa presha wa siku nyingi, na alikuwa akijipima nyumbani. Namba ya juu ilikuwa ikicheza kati ya 180 na 210. Kichwa kilimuuma, mwanga ulimchoma macho, kifua kilimbana, mwili ulikuwa umechoka na miguu imejaa maji chini ya magoti. Damu yake ilipopimwa, potasiamu ilikuwa imeshuka. Madaktari walipomdadisi, alieleza kwamba kwa wiki mbili alikuwa akinywa glasi moja au mbili kwa siku za kinywaji alichokitengeneza mwenyewe kwa mizizi ya susi. Wamisri hukiita irki-susi, na mwezi wa Ramadhani hakikosekani mitaani Kairo jua likizama.

Glasi moja au mbili kwa siku, kwa wiki mbili. Msomaji akishike kipimo hicho, kwa sababu wengi wetu tukisikia mtu amedhuriwa na dawa ya mitishamba tunadhani lazima alikunywa ndoo nzima. Mzee huyu alikunywa kama mtu yeyote anywavyo kinywaji akipendacho.

Susi ni mzizi wa mmea ambao jina lake la kitaalamu ni Glycyrrhiza glabra, na hilo ndilo jina la kutafuta kwenye pakiti. Kwenye maduka ya viungo ya Wahindi utausikia ukiitwa jethimadhi au mulethi, na Wachina wana jamaa yake wanaomtia katika dawa zao nyingi za asili. Hauoti porini kwetu. Unakuja umekaushwa, vijiti vya kahawia kwa nje na manjano kwa ndani, au umesagwa unga, au umechanganywa na tangawizi, mdalasini na shamari katika vipakiti vya chai ya kikohozi, ya koo na ya tumbo. Watu huupenda kwa sababu ni mtamu bila sukari, na mwenye kisukari akiambiwa kuna chai tamu isiyo na sukari hufurahi. Utamu huo hasa ndio wenye mashaka. Unatokana na kemikali iitwayo glisirizini, ambayo kwa ulimi ni tamu kuliko sukari mara nyingi, na hiyo hiyo ndiyo inayopandisha presha.

Namna inavyopandisha ni jambo linalostahili kuelezwa polepole, kwa sababu ukilielewa hutahitaji kukariri orodha ya nani anywe na nani asinywe. Utaitoa mwenyewe.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotoa homoni mbalimbali. Mojawapo ni aldosteroni, na kazi yake ni kuiamuru figo irudishe chumvi mwilini na iitoe potasiamu kwenye mkojo. Chumvi ikirudi, maji huifuata, na damu ikiongezeka maji presha hupanda. Mwili huitoa homoni hiyo kwa kiasi kidogo sana, kulingana na haja. Tezi hiyo hiyo hutoa homoni nyingine, kortisoli, ile ya kuukabili mkazo na kuamka asubuhi, na hii imo kwenye damu kwa wingi unaoizidi aldosteroni mamia ya mara. Tatizo ni kwamba kortisoli inaweza kuingia kwenye kitasa kile kile cha aldosteroni ndani ya figo na kukifungua barabara. Kama ingeachiwa, kila mmoja wetu angekuwa na presha ya juu na potasiamu ya chini.

Haiachiwi kwa sababu mlangoni pa seli za figo kuna bawabu. Ni kimeng'enya kinachoikamata kortisoli inapokaribia na kuigeuza kuwa kortisoni, ambayo haina uwezo wa kufungua kitasa hicho. Aldosteroni hupita, kortisoli huzuiwa. Sasa mtu anywapo chai ya susi, bakteria wa utumbo huivunja glisirizini kuwa asidi inayoingia kwenye damu, na asidi hiyo humfunga bawabu mikono. Kortisoli huingia kwa wingi, figo hudhani imeamriwa, chumvi na maji hubaki, potasiamu hutoka kwa mkojo.

Ugunduzi wa jambo hili ulianza Uholanzi. Daktari Revers, wa mji wa Heerenveen, aliona katika miaka ya vita kwamba mfamasia mmoja alikuwa akiwapa watu wenye vidonda vya tumbo dawa nzito iliyotengenezwa kwa susi, na wengi walipata nafuu. Alipoijaribu kwa wagonjwa wake, vidonda vilitulia kweli, lakini baadhi yao walivimba uso na miguu, wakaumwa kichwa na kukosa pumzi. Aliyachapisha hayo mwaka 1946. Kwa miaka mingi baadaye ilidhaniwa kwamba susi yenyewe inaigiza aldosteroni. Ilikuwa mwaka 1987 ambapo watafiti wa Edinburgh walionyesha kwamba haiigizi chochote, bali inamzuia bawabu. Kuna watoto wachache duniani wanaozaliwa na kasoro ya kimeng'enya hicho hicho, nao huwa na presha ya juu na potasiamu ya chini tangu utotoni bila kuonja susi hata siku moja. Ukimpa mtu mzima mwenye afya susi ya kutosha kwa siku kadhaa, unamfanya awe na ugonjwa wa watoto hao kwa muda.

Je, susi ya kutosha ni kiasi gani? Tuhesabu. Kikombe kimoja cha chai ya dawa, kwa kipimo kinachotumika Ulaya, huwa na gramu 1.5 za mzizi mkavu. Kiasi cha glisirizini hutofautiana sana kati ya mzizi na mzizi, lakini tuchukue asilimia 4, ambayo si kubwa. Hiyo ni miligramu 60 katika kila kikombe iwapo yote itatoka kwenye maji. Haitoki yote kwa kuchovya dakika tano, basi tuseme imetoka nusu: miligramu 30. Vikombe vitatu kwa siku ni 90. Lakini anayechemsha vijiti kwenye sufuria mpaka maji yawe meusi anakaribia ile 60 kwa kikombe, na vikombe vyake vitatu ni 180. Irki-susi ya Wamisri huenda mbali zaidi, kwa sababu unga wa mzizi hulowekwa na bakingi soda kidogo kabla ya kuchujwa. Soda hiyo huusaidia utamu kutoka, na yenyewe ni chumvi nyingine ya sodiamu inayoongezwa juu ya ile ambayo figo imeshikilia.

Kamati ya kisayansi ya chakula ya Umoja wa Ulaya ilisema mwaka 2003 kwamba mtu mzima anayetumia mara kwa mara asizidishe miligramu 100 kwa siku. Wengi walikishika kipimo hicho kama mpaka salama. Mwaka 2024 watafiti wa Sweden walikijaribu: vijana 28 wenye afya walikula pipi za susi zenye miligramu 100 hizo hizo kila siku kwa wiki mbili, na kwa zamu nyingine wakala zisizo na susi, huku wakijipima presha nyumbani. Namba ya juu ilipanda kwa wastani wa 3. Kwa kijana mwenye 115 hilo si kitu. Lakini wastani huficha watu. Wale ambao miili yao iliguswa zaidi waliongezeka uzito kwa maji, na kemikali inayoonyesha kwamba moyo unabeba mzigo ikapanda kwenye damu yao. Hao walikuwa vijana wenye afya waliochaguliwa kwa makini, wasio na presha. Kwa maoni yangu, jaribio hilo limeondoa haki ya mtu yeyote kumwambia mgonjwa wa presha kwamba kikombe chake cha kila siku hakina neno.

Jambo la pili linalowapotosha watu ni muda. Mtu hunywa leo, hapati kitu, hunywa kesho, hapati kitu, akahitimisha kwamba chai imemkubali. Asidi ile ikishaingia mwilini, ini huitoa kwa nyongo kurudi utumbo, na utumbo huifyonza tena. Huzunguka. Anayekunywa kila siku huijaza kabla ya ile ya jana kuisha. Utumbo ukiwa mzito, kama ulivyo kwa wazee wengi na kwa mwenye kukosa choo, huzunguka kwa muda mrefu zaidi. Na kwa kuwa upungufu wa potasiamu wenyewe huulegeza utumbo, mtu akishaanza kupungukiwa hukosa choo, na akikosa choo susi hukaa zaidi. Ndiyo maana madhara hujitokeza mara nyingi baada ya siku kadhaa au wiki mbili tatu, wakati mtu ameshasahau kwamba kuna kitu kipya alichoanza.

Sasa, nani aiache. Wa kwanza ni mwenye presha, hata kama imetulia kwa dawa, na wa hatari zaidi kati yao ni yule anayetumia dawa ya kukojoza. Haidroklorothiazaidi, bendrofluazaidi na furosemaidi ni vidonge vya kila siku katika kliniki zetu. Vyote hutoa chumvi na maji, na vyote hupoteza potasiamu pamoja navyo. Susi inairudisha ile chumvi ambayo kidonge kinajaribu kuitoa, huku ikiongeza upotevu ule ule wa potasiamu ambao kidonge tayari kinausababisha. Mgonjwa anapoteza faida ya dawa na kuzidishiwa dhara lake. Kliniki ikiona presha haishuki, jambo la kwanza linalofikiriwa ni kuongeza dozi ya dawa ya kukojoza, na potasiamu huzidi kuporomoka. Nimeona ni vigumu kumlaumu daktari katika hali hiyo, kwa sababu mgonjwa akiulizwa anatumia dawa gani hataji chai. Kwake chai si dawa.

Wa pili ni mwenye ugonjwa wa moyo. Mapigo ya moyo hutegemea tofauti ya potasiamu iliyo ndani ya seli na iliyo nje. Kiwango cha kawaida cha damu ni milimoli 3.5 hadi 5 kwa lita; kikishuka chini ya 2.5 moyo unaweza kupiga ovyo na hata kusimama. Mwaka 2020 jarida kubwa la tiba la Marekani lilieleza kifo cha mwanamume wa miaka 54 wa Massachusetts aliyekuwa akila mfuko mmoja na nusu wa pipi za susi kila siku kwa wiki kadhaa. Moyo wake ulisimama akiwa mkahawani. Huyo alikula nyingi, na sitaki kumtisha mnywaji wa kikombe kimoja kwa kisa chake. Ila anayetumia dijoksini hahitaji kufika huko. Dijoksini na potasiamu hugombania mahali pamoja kwenye seli za moyo, na potasiamu ikipungua, dozi ile ile ya dawa aliyoizoea kwa miaka inakuwa sumu. Mwenye moyo uliochoka, anayeambiwa apunguze chumvi na maji, naye hana nafasi hata ya kikombe, kwa sababu susi inafanya kinyume cha kila alichoelekezwa.

Kwa nchi zetu nataka kuongeza jambo ambalo vitabu vya Ulaya hupita haraka. Dawa kadhaa huchelewesha umeme wa moyo kurudi mahali pake baada ya kila pigo, na ucheleweshaji huo huwa wa hatari potasiamu ikiwa chini. Mojawapo ni dawa mseto ya malaria, ALu. Maelekezo yake yanaonya isipewe mtu anayejulikana kuwa na upungufu wa potasiamu. Nyingine ni kwinini, na nyingine ni bedakwilini inayotumika kwa kifua kikuu sugu. Kwa mtu mwenye damu ya kawaida dawa hizi zinavumilika vizuri, na mwenye malaria asiache dozi yake kwa kusoma safu hii. Kinachopaswa kuachwa ni susi. Fikiria mgonjwa wa kifua kikuu sugu: anakohoa miezi, na jirani mwema anamletea chai ya kikohozi. Chai hiyo na bedakwilini visikutane.

Mjamzito naye aiache, na sababu yake ni ile ile ya bawabu, ila mlango ni mwingine. Kwenye kondo la nyuma kuna kimeng'enya hicho hicho, kinachomkinga mtoto na kortisoli ya mama. Wafini ni walaji wakubwa wa pipi za susi, na watafiti wao waliwafuatilia watoto kwa miaka. Mama waliokula nyingi, zaidi ya miligramu 500 za glisirizini kwa wiki, walijifungua mapema zaidi kuliko wenzao, na watoto wao walipopimwa akili miaka baadaye walipata alama za chini. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba susi ndiyo pekee iliyofanya hivyo. Hata hivyo unaendana na tunachokijua kuhusu kimeng'enya, na miligramu 500 kwa wiki ni 70 na ushei kwa siku, kiasi ambacho vikombe viwili vya mzizi uliochemshwa vinakifikia. Na ujauzito wenyewe una presha yake ya kuogopwa, kifafa cha mimba, ambayo mkunga anaitafuta kila hudhurio. Hakuna sababu ya kumchafulia vipimo.

Kwa mgonjwa wa figo kuna kosa ambalo huonekana kama hekima. Figo zikishachoka sana, potasiamu hupanda badala ya kushuka, na mtu anaweza kujiambia: basi susi itanishushia. Isitumike hivyo. Kabla ya kushusha potasiamu itakuwa imeshika chumvi na maji ambayo figo hizo haziwezi kuyatoa, na presha ndiyo inayoziua figo haraka zaidi. Wengine nitawataja kwa ufupi: anayetumia prednisoloni kwa muda mrefu, anayetumia dawa za kuharisha kila mara, anayepulizia salbutamoli mara nyingi kwa pumu, na mzee yeyote wa zaidi ya miaka 65 anayeishi na vidonge vya kila siku. Kila mmoja wao ana tundu jingine ambalo potasiamu au presha yake inaharibikia.

Dalili hazina kelele. Pete inabana kidole, viatu vinakaza jioni, ukibonyeza muundi kidole kinaacha shimo. Mapaja yanachoka kupanda ngazi zile zile. Usiku misuli ya shavu la mguu inakaza, mchana vidole vinachezacheza kwa ganzi, choo kinakuwa kigumu, moyo unaruka pigo. Presha iliyokuwa imetulia inaanza kukataa dawa. Mtu akiwa na mawili matatu ya haya na chai ya susi iko nyumbani, apimwe potasiamu siku hiyo hiyo. Na ikiwa misuli imelegea kiasi cha kushindwa kuinuka, au moyo unadunda ovyo, au kuna kizunguzungu cha kutaka kuanguka, hapo si suala la kusubiri kliniki ya wiki ijayo. Ni hospitali, apigwe kipimo cha umeme wa moyo.

Kuna walioniuliza kama ndizi na maji ya madafu vinatosha kurudisha potasiamu. Vina potasiamu kweli, lakini bomba likiwa limeachwa wazi kujaza pipa ni kazi bure. Bawabu akiwa amefungwa, figo itaitoa utakayoila. Tena anayetumia dawa nyingine za presha kama losatani au enalaprili, ambazo hupandisha potasiamu, asianze kujilisha potasiamu kwa kukisia. Kwanza chai iachwe, kisha mhudumu aamue kama kuna haja ya vidonge vya potasiamu, au vya spironolaktoni, dawa inayokaa kwenye kitasa chenyewe ili kortisoli isiingie.

Daktari asiyeelezwa habari ya chai anaweza kupotea njia ndefu. Presha ya juu na potasiamu ya chini humfanya afikirie uvimbe kwenye tezi iliyo juu ya figo, na hilo ni wazo sahihi. Atapima aldosteroni akitarajia kuikuta juu, na ataikuta chini, pamoja na renini iliyo chini. Mwili umeona chumvi imejaa, ukazima homoni zake zenyewe. Matokeo hayo mawili yakikutana, swali la susi liulizwe kabla ya kumpeleka mgonjwa kwenye kipimo cha picha cha gharama.

Kwa mtu mwenye afya, asiye na presha, asiyetumia dawa na asiye mjamzito, kikombe cha susi kwa siku mbili tatu za mafua hakimdhuru, nami sina ugomvi nacho. Asikifanye kuwa chai yake ya kila jioni. Zipo pia dawa za tumbo za susi iliyoondolewa glisirizini, na hizo hazina tatizo hili. Wala susi isichanganywe na mturituri wetu wa porini, ambao majani yake nayo ni matamu: huo ni mmea mwingine kabisa, na mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi ni sumu ya kuua.

Ukiacha leo, potasiamu na presha kwa kawaida hurudi polepole ndani ya wiki mbili hadi nne, lakini homoni zilizozimwa zinaweza kuchukua miezi kuamka. Kwa hiyo usikate tamaa presha ikiwa bado iko juu wiki ya kwanza, na usibadilishe dozi ya dawa zako mwenyewe. Siku ya kliniki beba pakiti ya chai mfukoni pamoja na vidonge vyako, uiweke mezani mbele ya daktari, umwambie unakunywa vikombe vingapi na tangu lini.